Familia 43 zaomba mahakama isimamishe kufukuzwa: tusipeleke machozi peke yake, tupeleke ukweli

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosoma habari hizi kwenye simu, wiki iliyopita niliwaeleza hewani kwa kifupi sana juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa mwenyekiti wa kambi, kando ya mji wetu hapa Ituri. Dakika tatu za redio hazikutosha. Wengi mmenipigia simu, wengine mkinishukuru, wengine mkinitukana kwamba nimewatetea wavamizi. Leo nawajibu wote kwa maandishi. Sitataja jina la mwenye kiwanja, wala la mahakama, wala la kartie, kwa sababu kesi iko mbele ya hakimu na wenye kesi wana haki ya kusikilizwa huko kwanza kabla ya kuhukumiwa kwenye redio.

Karatasi ile ilikuwa kwa Kifaransa. Mwenyekiti hakuisoma. Alimwita kijana wa darasa la tano ya sekondari, naye akawasomea watu chini ya bashi huku mvua inanyesha. Ilisema kwamba katika muda wa siku 8 kiwanja kiwe kitupu, na kwamba anayefukuzwa ni familia fulani ya hapa mjini, iliyoshindwa kesi, pamoja na «wote walioko humo kwa jina lake». Mama mmoja aliuliza: «Sisi tuko hapa kwa jina la nani?» Hakuna aliyemjibu. Mimi nasema kesi nzima imelala ndani ya swali la yule mama.

Tuanze na jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 2019 mwenye kiwanja, mwenye hati ya usajili mkononi, alishitaki familia iliyokuwa inadai kwamba ardhi hiyo ni ya babu yao. Kesi ikalala, ikaamka, ikalala tena. Wakati huo vita viliendelea huko Djugu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 watu wa CODECO waliingia katika kambi ya Plaine Savo wakaua wakimbizi wa ndani zaidi ya 50. Tarehe 12 Juni 2023 ikawa zamu ya kambi ya Lala, katika usultani wa Bahema Badjere, wakafa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi. Baada ya kila shambulio watu waliteremka mjini na magodoro kichwani. Familia ninazozizungumzia zilifika katika mawimbi hayo mawili. Viongozi wa mtaa waliwaonyesha kiwanja kitupu wakawaambia: kaeni hapa kwanza. Hawakupewa karatasi yoyote. Hakuna aliyeuliza kama kiwanja kiko kwenye kesi.

Novemba iliyopita mahakama ilikata shauri: kiwanja ni cha mwenye hati. Familia iliyoshindwa ilipewa nakala ya hukumu Desemba, ikakaa kimya. Siku 30 za kukata rufani zikapita, na hukumu ikawa ya mwisho kati ya pande hizo mbili. Sasa mjumbe wa mahakama, yule tunayemwita wisie, anatekeleza. Kwa macho yake kazi ni rahisi: kuna hukumu, kuna mhuri, polisi wataombwa kusaidia. Lakini katika kurasa zote za hukumu ile hakuna hata mstari mmoja unaowataja watu waliotoka Djugu. Hawakuitwa na hawakusikilizwa. Hakimu hakujua kama wapo, ama alijua na hakuna aliyemwambia awaandike.

Hapo ndipo ninapopingana na wale wanaosema «sheria ni sheria, watoke». Sawa, sheria ni sheria. Basi tuifuate yote, tusiifuate nusu.

Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai, ile ya tarehe 7 Machi 1960 inayotumika mpaka leo, imeweka milango mitatu kwa mtu anayeumizwa na hukumu. Mlango wa kwanza ni wa yule aliyeshitakiwa lakini akahukumiwa bila kufika mahakamani: huyo ana siku 15 za kupinga, tangu apewe hukumu mkononi. Wa pili ni wa yule aliyefika na akashindwa: huyo ana siku 30 za kukata rufani. Milango hiyo miwili ina faida kubwa, kwamba kwa kawaida ukiingia tu utekelezaji unasimama, isipokuwa kama hakimu aliandika kwamba hukumu itekelezwe mara moja hata kama kuna rufani. Lakini milango hiyo ni ya wenye kesi. Hawa wa Djugu hawakuwa wenye kesi.

Mlango wa tatu ndio wao. Ni pingamizi la mtu wa tatu: yeyote ambaye hukumu inamuumiza katika haki zake, na ambaye hakuitwa wakati kesi inaamuliwa, yeye wala mtu anayemwakilisha, anaweza kurudi mbele ya mahakama ileile iliyohukumu na kusema, mimi pia nipo. Mlango huu ni tofauti na mingine miwili kwa jambo moja, na ndilo linalowaangusha watu kila mara. Pingamizi hili halisimamishi kitu lenyewe. Hakimu anaweza kusimamisha utekelezaji wakati analichunguza, lakini ni lazima aombwe, na ni lazima apewe sababu. Nimeona watu wanaweka pingamizi Jumatatu, wanarudi nyumbani wakiimba, na Alhamisi wanaamshwa na shoka za wabomoaji. Walifikiri ile risiti ya grefe ni ngao. Ombi la kusimamisha ni ombi jingine, na linaandikwa waziwazi katika karatasi ileile ya pingamizi, tena mwanzoni, lisifichwe mwishoni.

Sasa avoka wa mwenye kiwanja ana jibu lake, na si jibu la kipuuzi. Atasema: watu hawa wako pale kwa jina la familia iliyoshindwa, kwa hiyo hukumu tayari inawagusa, hawana pingamizi lolote la kuleta. Ndiyo maana swali la yule mama ni la maana. Familia iliyoshindwa haikuwaleta. Haikuwapangisha, haikupokea hata franga moja kutoka kwao. Walioonyesha kiwanja ni viongozi. Kama shefu wa kartie ataandika na kutia sahihi kwamba yeye ndiye aliyewaweka, kwa tarehe fulani na kwa sababu ya shambulio fulani, yale maneno «kwa jina lake» hayawafikii tena. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko maandamano ya siku tatu. Lakini nasikia shefu anaogopa kuiandika, anasema atalaumiwa. Mzee wetu, ulipowaambia watu wakae pale ulikuwa unafanya kazi ya kiongozi. Kuandika kwamba uliwaambia hivyo ni kumalizia kazi ileile.

Niseme wazi kitu ambacho viongozi wa kambi hawapendi kusikia. Pingamizi hili halitawapa wakimbizi kiwanja. Mwenye hati ataendelea kuwa mwenye hati. Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema mali ya mtu ni takatifu, na wala hakitofautishi mali ya tajiri na ya maskini. Anayewaambia familia kwamba watashinda ardhi anawadanganya, na mara nyingi anawadanganya ili wachangie pesa. Kinachoombwa ni muda tu, na muda wenye tarehe ya mwisho.

Kwa nini hakimu atoe muda huo? Hapa nakumbuka aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika kesi nyingine, nilipeleka sauti za akina mama wanaolia, nikazirusha mara nne kwa siku. Karani mmoja wa mahakama aliniita pembeni akaniuliza: «Wewe mwandishi, hayo machozi yako niyaweke kwenye ukurasa gani wa faili?» Nilikasirika. Baadaye nilielewa. Hakimu haandiki hukumu kwa sauti ya redio. Anaandika kwa kile kilichomo katika faili, chenye tarehe, sahihi na mhuri. Huruma yake haiwezi kufanya kazi bila karatasi ya kuegemea.

Na katika kambi hii mwanzo ulikuwa mbaya. Barua ya kwanza iliyopelekwa kwa viongozi ilisema kuna «watu zaidi ya elfu moja». Avoka wa upande wa pili alikuja mwenyewe asubuhi moja, akahesabu vibanda 51, na 8 kati yake vilikuwa na kufuli. Wengine walikuwa wamerudi vijijini. Wawili walikuwa wamepangisha vibanda vyao kwa wauza mkaa. Akaandika yote hayo, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Uongo mmoja wa aina hiyo unafanya hakimu asiamini hata yule mgonjwa wa kweli.

Kwa hiyo kamati ilianza upya, na nawapongeza kwa hilo. Walipita kibanda kwa kibanda kwa siku mbili. Walioondoka walifutwa, na waliopangisha walifutwa pia, ingawa kulikuwa na kelele. Zikabaki familia 43, watu 218. Kila mstari wa orodha una jina la mkuu wa familia, idadi ya watu na miaka yao, kijiji walikotoka na mwezi waliofika. Mwenyekiti ametia sahihi, na shefu wa kartie ataombwa kutia mhuri kwamba ameiona. Sasa hata avoka wa upande wa pili akirudi kuhesabu atapata kilekile kilichoandikwa.

Orodha ni msingi. Juu yake kuna mambo manne ambayo naona mahakama haiwezi kuyapita.

La kwanza ni wagonjwa na wajawazito. Kituo cha afya kilicho karibu kimetoa barua, bila kutaja majina, kwamba kutoka kambi hiyo kinafuata wanawake 9 wenye mimba, 3 kati yao wakiwa wamepita mwezi wa nane, na wagonjwa 4 wa kifua kikuu walio katikati ya dawa. Matibabu ya kifua kikuu ni ya miezi sita kwa kawaida. Mgonjwa anayetawanywa bila kujulikana anakwenda wapi anakatiza dawa, na akikatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mgumu zaidi, dawa zile za kawaida zisiuweze tena. Na hapo hauulizi nani mkimbizi na nani mwenyeji. Mji mzima unavuta hewa moja.

La pili ni shule. Watoto 61 wa kambi wanasoma katika shule mbili za karibu, na 7 wako darasa la sita wakisubiri mtihani wa ENAFEP, yaani wa kumaliza shule ya msingi. Mwanafunzi wa darasa la sita anaandikishwa kupitia shule yake na anafanyia mtihani katika kituo alichopangiwa. Ukimtoa Aprili ukampeleka kilomita 30, hamishi daftari tu, unampotezea mwaka. Wakurugenzi wa shule wameandika barua zenye idadi. Ndiyo sababu tarehe inayoombwa si «mpaka amani irudi», kwa sababu hakuna hakimu atakayeandika hivyo. Inaombwa hadi tarehe 31 Julai, mwaka wa shule ukiwa umekwisha na mvua kubwa za Aprili na Mei zikiwa zimepita.

La tatu ni kwamba kurudi hakuwezekani leo. Hapa pia tusiseme tu «kuna vita». Kwa kila kijiji kilicho katika orodha, iandikwe mara ya mwisho kiliposhambuliwa, na nani anashuhudia. Mkuu wa grupema anaweza kuandika. Jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na Serikali yenyewe ilisema sababu ni usalama. Je, Serikali iseme kwa mdomo mmoja kwamba kuna hatari hata gavana awe mwanajeshi, na kwa mdomo mwingine iseme watu warudi huko huko? Wengine wananiuliza kama chini ya utawala huo mahakama hizi bado zina kazi. Zina kazi. Kilichohamishiwa mahakama za kijeshi ni kesi za makosa ya jinai. Kesi za ardhi zilibaki kwa mahakimu wa kiraia, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwapeleka watu kwa kamanda wakati mlango ni ule wa grefe.

La nne ndilo zito kuliko yote: mahali pa kwenda. Kuna afisa aliyesema, mbele yangu, kwamba kuna ukumbi ambao wanaweza kupelekwa. Nikaenda kuupima kwa hatua zangu, kisha kwa kamba. Una mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Mashirika ya misaada duniani yana kipimo cha chini kabisa cha mahali pa kulala, mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Gawanya 300 kwa 3.5, unapata watu 85. Watu 218 wanahitaji mita za mraba 763. Wengine 133 watalala wapi? Na sijahesabu choo, sababu nilikikuta kimoja, nacho kimejaa. Hesabu hii mtoto wa shule anaweza kuifanya, na ikiwekwa kwenye faili pamoja na picha na tarehe ya vipimo, afisa hawezi tena kusema mbele ya hakimu kwamba mahali papo.

Kamati iliandika pia barua mbili kwa wakuu kuomba kiwanja kingine. Hawajajibiwa mpaka leo. Wenyewe walikata tamaa, wakaona zile barua hazina maana. Nikawaambia: mna kopi zenye mhuri wa kupokelewa? Wanazo. Basi kimya hicho nacho ni ushahidi, kwa sababu kinaonyesha kwamba watu waliomba mapema na hawakungoja polisi ndipo walie. Yeyote kati yenu anayepeleka barua ofisini asiondoke bila mhuri juu ya kopi yake, hata kama karani anasema arudi kesho.

Nirudi kwa sheria, kwa sababu kuna wanaodhani mambo haya ya ubinadamu ni sadaka ya hakimu. Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 215 kinasema mikataba ya kimataifa iliyowekwa kama inavyotakiwa iko juu ya sheria za kawaida. Tangu mwaka 1976 nchi yetu imo katika mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, na kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 1997 kwamba kufukuzwa kusiwaache watu bila paa kabisa, kwamba wapewe taarifa ya muda unaofaa, na kwamba kusifanywe usiku wala katika hali mbaya ya hewa ila wenyewe wakikubali. Kanuni za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema wasirudishwe kwa nguvu mahali ambapo maisha yao yatakuwa hatarini. Na mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, ambao ni wa sisi Waafrika wenyewe, umeweka jukumu la kuwalinda wakimbizi wa ndani juu ya Serikali.

Someni vizuri hilo neno la mwisho: juu ya Serikali, wala si juu ya mwenye kiwanja. Hapo nawageukia wale walionitukana, na pia wale walionisifu. Mwenye kiwanja hakuanzisha vita. Ameshinda kesi baada ya miaka mingi, amelipa gharama, na kila mwezi anaona ardhi yake inachimbwa vyoo. Ukimwambia avumilie bila mwisho umempa yeye peke yake deni la taifa zima. Lakini deni hilo haliwezi pia kubebwa na mama mwenye mimba ya miezi minane kwa siku 8. Mwenye deni ni yule aliyewaweka watu pale bila karatasi akasahau kurudi. Kwa hiyo pingamizi lisiwataje tu mwenye kiwanja na familia iliyoshindwa, ambao wote wawili ni lazima waitwe. Jimbo nalo liombwe kuitwa mbele ya hakimu, lijibu ni wapi watu hawa watahamia na lini. Bila hilo, tarehe 31 Julai itafika tutakuwa palepale.

Na wakimbizi nao waweke kitu mezani. Kamati imekubali, baada ya ubishi mwingi, kuandika ahadi nne: hakuna kibanda kipya kitakachojengwa, hakuna jina jipya litakaloongezwa kwenye orodha, hakuna atakayepangisha wala kuuza nafasi yake, na mwenye kiwanja ataruhusiwa kuingia wakati wowote wa mchana, kupima na kuweka mawe yake ya mipaka. Wengine walisema huku ni kujisalimisha. Mimi nasema hizo ndizo zitakazompa hakimu nguvu. Akisimamisha utekelezaji anataka aweze kuandika kwamba haki ya mwenye hati haitaharibika katika kusubiri. Mkimpa sentensi hiyo tayari, mmemrahisishia kazi. Na mkivunja ahadi moja, upande wa pili utarudi siku hiyo hiyo kuomba muda ufutwe, nami sitakuwa na la kuwatetea.

Neno juu ya pesa, kwa kuwa najua nani anazunguka kambini. Kuna mtu anaomba dola 5 kwa kila familia «kwa ajili ya hakimu». Gharama za kufungua kesi zinalipwa na kuna risiti yake. Asiyeweza kulipa anaomba hati ya umaskini kwa ofisi ya mambo ya jamii, kisha anaomba mkuu wa mahakama amsamehe gharama. Kuna pia mavoka wanaosimama bure kwa maskini. Mtu aulize kwenye ofisi yao karibu na mahakama. Pesa isiyo na risiti haikuwekwa kwenye faili, na ikijulikana inaweza kuwafunga waliotoa pamoja na aliyepokea.

Pingamizi limewekwa Jumanne, pamoja na ombi la kusimamisha. Nimeiona kopi: orodha kurasa sita, barua ya kituo cha afya, barua mbili za shule, barua mbili zenye mhuri zilizokosa majibu, vipimo vya ukumbi, na ile karatasi ya ahadi. Inayokosekana ni moja tu, ile ya shefu wa kartie. Mpaka ninapoandika hapa, siku 3 zimebaki kati ya zile 8, na kikao hakijafanyika.

Ninaiomba mahakama isikilize ombi la kusimamisha kabla ya siku hizo kwisha, hata kama pingamizi lenyewe litachukua wiki kadhaa. Hakimu akiona mwishoni kwamba familia hizi hazina haki, kiwanja kitakuwa bado pale, na mwenyewe atakipata kikiwa na mipaka yake. Lakini akiona mwishoni kwamba zilikuwa na haki ya kusikilizwa, na zimeshatawanywa, hakuna amri itakayomrudishia yule wa darasa la sita mtihani wake, wala mgonjwa dawa alizokatiza.

Ninamwomba wisie asitangulize shoka wakati ombi liko mezani. Ninamwomba shefu wa kartie aandike. Na wenye kambi, orodha isomwe tena kesho asubuhi mbele ya watu wote. Kama kuna aliyeondoka usiku huu, jina lake lifutwe kabla ya kikao.